Mistari Chini ya Picha ya Gereji

Picha yenyewe ilikuwa nzuri. Probox imeinuliwa juu ya stendi, boneti iko wazi, fundi ameinama ndani ya injini, na nyuma yake ukuta wa mabati umeangikwa spana kuanzia ndogo hadi kubwa. Chini ya picha yaliandikwa maneno haya: "Nafasi za kujifunza umekanika. Tunataka vijana wanne wa kiume wenye bidii, wanaojua Kibukusu. Posho ipo. Piga simu." Mwenye gereji, ambaye karakana yake iko Kiminini kando ya barabara kuu ya kutoka Kitale kwenda Webuye, alinipa simu yake nitazame. Alitaka tangazo lisambae kwenye makundi ya WhatsApp, kisha lichapishwe na kubandikwa kwenye duka la spea na kwenye posho mili.

"Mwalimu, nisomee tu uone kama herufi ziko sawa," aliniambia.

Herufi zilikuwa sawa. Lakini msomaji wa tangazo la aina hii ni kijana wa Kamukuywa au Sikhendu anayehesabu nauli, na pengine mama yake, ambaye ndiye atakayetoa nauli hiyo. Wote wawili wanauliza maswali manne: nitakaa hapo muda gani, nitapewa nini, natakiwa niwe na nini, na mtanichaguaje? Katika ile mistari hapakuwa na jibu kamili hata moja. Tulikaa kwenye benchi la gereji karibu saa mbili tukiyajibu, na nikaona kwamba kila jibu lilimlazimu mzee yule kuamua jambo alilokuwa hajaliamua. Kuandika kulikuwa kazi ndogo kuliko kuamua.

Tulianza na muda, kwa sababu ugomvi mwingi wa gereji huzaliwa hapo. Katika karakana nyingi za jua kali kijana huingia kwa maneno ya mdomo. Mzazi humleta, huzungumza na fundi pembeni, pengine hulipa kitu cha kufundishiwa, kisha kijana huanza kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Hakuna anayesema ataosha mpaka lini. Baada ya miaka miwili fundi anaona kijana bado hajui, kijana anaona amefanya kazi ya bure, na wote wawili wana ukweli fulani, maana hawakuwahi kukubaliana "kujua" ni kujua nini. Ufundi wa kujifunzia kazini umeilea Kenya kwa muda mrefu. Mtafiti Kenneth King aliandika kitabu kizima mwaka 1977 juu ya mafundi waliopata ujuzi wao kwa njia hiyo. Njia haina ila. Ila iko katika kuacha mlango wa kutokea bila kuonyeshwa.

Nilimuuliza mzee: ukimchukua kijana asiyejua chochote, lini unaweza kumwachia gari la mteja alifanyie sevisi peke yake? Akafikiri. "Miezi mitatu, kama ana kichwa." Breki? "Miezi sita." Klachi na shoki? "Karibu mwaka." Injini kuifungua yote? Akacheka akasema hiyo ni baada ya mwaka, tena si kwa kila mtu. Basi nikamwambia ameshaandika tangazo lake. Muda ni miezi 12, na kila kipande cha mwaka kina kazi yake inayoonekana kwa macho. Kijana akiingia Februari, kufikia mwisho wa Aprili anabadilisha oili, chujio na plagi bila kusimamiwa. Kufikia mwisho wa Julai anabadilisha pedi za breki na kutoa hewa kwenye mfumo wa breki. Miezi sita iliyobaki ni ya klachi, shoki na sehemu za chini ya gari, pamoja na kumsaidia fundi mkuu kwenye injini. "Miezi 12" peke yake inahesabu siku za kuja na kurudi tu. Ukiandika na kazi zake, kijana atajua mwezi wa nne kama anafundishwa au anatumiwa, na fundi naye atajua kama kijana anashika au hashiki.

Mzee aliuliza kwa nini sevisi ichukue miezi mitatu wakati yeye huimaliza kwa dakika 40. Jibu liko kwenye ile boliti ndogo ya chini ya sampu inayofunguliwa kumwaga oili. Sampu za magari mengi ya siku hizi ni za alumini, na boliti ni ya chuma. Kijana mwenye nguvu na asiye na uzoefu huifunga kwa kuikaza mpaka mkono ukatae, na kabla mkono haujakataa nyuzi za alumini zimeshakatika. Dalili yake ni kwamba boliti inazunguka bila kuuma, ikikazwa inalegea badala ya kukaza, na asubuhi kuna tone la oili chini ya gari. Hapo mwenye gereji ananunua sampu nyingine au anachonga nyuzi mpya kwa gharama yake. Mkono hujifunza kukaza kwa kipimo baada ya kufunga boliti nyingi chini ya jicho la mtu, na kwenye gereji ya mji mdogo magari ya sevisi si mengi kwa siku. Ndiyo sababu ya miezi mitatu.

Mahali hapa pana jambo jingine linalohusu muda, nalo ni kalenda ya mahindi. Trans Nzoia hulimwa kuanzia mwanzo wa mwaka na kupandwa mvua za masika zinapoingia, Machi na Aprili, halafu mavuno huanza kama Oktoba. Trekta na malori hujaa gereji wakati huohuo vijana wanapotakiwa shambani nyumbani. Mwenye gereji asiyelisema hili kwenye tangazo huona mwanafunzi wake ametoweka wiki tatu za palizi bila kuaga, akamfukuza, na mafunzo ya miezi minne yakapotea kwa pande zote. Tulikubaliana kijana apewe siku 10 za ruhusa katika mwaka, azichague mwenyewe mradi aseme wiki moja mbele. Jambo hilo halikuingia kwenye mistari ya chini ya picha, bali kwenye mkataba. Lakini tarehe ya kuanza iliwekwa Februari makusudi, baada ya matokeo ya KCSE ambayo kwa kawaida hutoka Januari, na kabla jembe halijashikwa kwa nguvu.

Sasa pesa. Neno "posho" kwenye rasimu lilikuwa na shida yake hapa kwetu. Mtanzania akilisoma ataelewa malipo madogo ya kujikimu. Mtu wa Kiminini akisikia posho anawaza unga, na tangazo lenyewe lilikuwa linakwenda kubandikwa kwenye posho mili. "Marupurupu" nalo tumelizoea kwenye habari za wabunge, linaleta picha ya pesa juu ya mshahara. Nikapendekeza tuseme pesa hizo ni za nini: nauli na chakula cha mchana. Kwa maneno hayo hakuna atakayedhani ni mshahara, na hakuna atakayedhani ni zawadi inayotegemea furaha ya mwenye gereji.

Kwa sababu hiyohiyo tuliliepuka neno "mwanagenzi", ingawa ni Kiswahili safi na ndilo neno la kamusi kwa anayejifunza kazi. Kwa miaka ya karibuni Wakenya wamelisikia sana likitumiwa kwa walimu wanagenzi wa sekondari msingi, waliokuwa wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, nao ni watu waliokwisha kuhitimu. Ungeandika wanagenzi, ungepata barua za waliomaliza diploma ya magari pale Kitale National Polytechnic wakitarajia malipo ya namna hiyo. Wapo pia wanafunzi wa chuo wanaotafuta atachimenti ya miezi mitatu ili kitabu chao kipigwe muhuri. Hao wana mlango wao, na gereji inaweza kuwapokea wakati mwingine. Tangazo hili linamtafuta anayeanza sufuri, basi tukaandika "wanaojifunza kazi ya umekanika".

Kiasi gani? Mzee alikuwa na wazo la kutoa "kitu kidogo siku kukiwa na kazi". Nilimsihi aliache. Siku isiyo na gari kijana amelipa nauli ileile, na kama malipo yanategemea magari, kijana atakuwa anatazama barabara badala ya kutazama mikono ya fundi. Tukapiga hesabu kwenye karatasi. Tuseme kijana anatumia shilingi 100 kwa nauli ya kwenda na kurudi, na shilingi 80 kwa chakula kibandani. Hiyo ni 180, tukaiweka 200. Baada ya miezi sita, akishaweza sevisi na breki, anaiingizia gereji pesa, basi apande hadi 300. Siku za kazi ni Jumatatu hadi Jumamosi, karibu 26 kwa mwezi, hivyo miezi sita ni siku 156. Nusu ya kwanza ya mwaka ni shilingi 31,200, nusu ya pili 46,800, jumla 78,000 kwa kijana mmoja.

Rasimu ilitaka vijana wanne. Wanne ni shilingi 312,000 kwa mwaka, na uso wa mzee ulibadilika aliposoma tarakimu hiyo. Wawili ni 156,000. Kulikuwa na hoja nyingine ya wawili iliyonigusa zaidi kuliko pesa: gereji ina mafundi wawili tu waliokomaa. Kijana anayeanza akiachwa chini ya gari bila jicho la mtu anaweza kufa, maana jeki ya haidroliki ikivuja inashuka bila kupiga kelele. Kila fundi na kijana wake. Mzee alikubali wawili, na nadhani uamuzi huo ndio uliokuwa wa maana kuliko yote tuliyoyafanya siku ile.

Pesa zina mkia wake. Ovaroli na buti za usalama vinatoka kwa nani? Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, kwa hiyo tangazo halipaswi kumwambia kijana aje na buti zake. Na akiumia? Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, nayo ya 2007, inapomtaja mfanyakazi inamhesabu pia anayejifunza kazi kwa mkataba, na inamtaka mwajiri awe na bima. Wenye gereji wengi huamini kwamba kijana asiye na mshahara hamhusu. Siku kidole kinaponaswa kwenye feni belti ndipo wanapogundua kwamba anawahusu kabisa. Mzee alikuwa na bima ya mafundi wake wawili. Nikamwambia aongeze majina mawili kwanza, ndipo neno "bima" liandikwe chini ya picha.

Kuhusu ada, tuliandika mstari mzima peke yake. Kuna mila ya kijana kulipa ili afundishwe, na mwenye gereji anaweza kuwa na sababu zake. Huyu hakutaka ada. Kutokutaka ada lazima kusemwe kwa sauti, kwa sababu picha ya gereji ikishazunguka kwenye simu, mtu mwingine anaweza kuichukua, akafuta namba, akaweka yake na kudai shilingi 500 za "usajili" kwa M-Pesa. Kinga iliyo rahisi ni kufanya maombi yapokewe kwa mkono tu, gerejini, na kusema hivyo. Anayetapeli hawezi kumwalika mtu kwenye gereji isiyo yake.

Tukafika kwenye masharti, na hapa nilifuta zaidi ya nilivyoandika. "Wa kiume" iliondoka kwanza. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi dhidi ya mfanyakazi na hata dhidi ya anayeomba kazi, na jinsia imo kwenye orodha. Mzee hakuwa na chuki na wasichana. Alisema tu hana mahali pa wao kubadilishia nguo. Hilo ni jambo la kweli, na dawa yake ni mabati manne na mlango wenye komeo nyuma ya stoo. Aliahidi kupajenga kabla ya Februari, ndipo tukaandika "wa kike na wa kiume". "Wanaojua Kibukusu" nayo ikaondoka, maana lugha na asili ya mtu vimo katika orodha hiyohiyo. Isitoshe Kiminini ina Wabukusu, Wasabaoti, Wateso, Wakikuyu na wengine, na madereva wa malori wanaoingia gerejini huzungumza Kiswahili.

Umri tuliweka miaka 18 na zaidi, mwenye kitambulisho. Sheria ina milango ya kumpokea aliye chini ya hapo kwa mkataba wa mafunzo unaowahusu wazazi, lakini karakana yenye jeki, asidi ya betri na gesi ya kuchomelea haina haja ya kuitafuta milango hiyo.

Elimu ilituchukua muda. Mzee alitaka D+ ya KCSE. Nikamuuliza ni kazi gani gerejini inayohitaji D+. Tukapita kazi moja moja. Kijana anahitaji kusoma mkebe wa oili na kutofautisha 5W-30 na 15W-40. Anahitaji kusoma milimita, ajue kwamba 13 si 12 wala 14, kwa sababu spana iliyo kubwa kidogo kuliko nati huila pembe zake mpaka nati ikawa duara, na hapo itatolewa kwa patasi na nyundo. Anahitaji kuandika kwenye daftari gari lilikuja na tatizo gani na limewekwa nini. Aliyemaliza darasa la nane anaweza kuyafanya haya, na aliyepata D+ anaweza kushindwa. Sharti likawa "awe anasoma, anaandika na kupiga hesabu ndogo", na kipimo chake kikahamishiwa kwenye majaribio.

Sharti la mwisho nililolifuta lilikuwa cheti cha tabia njema kutoka polisi, ambacho mzee alikiongeza alipoona tunataja kitambulisho. Cheti hicho kinamgharimu mwombaji shilingi 1,050 na safari ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Wakija waombaji 30, hizo ni zaidi ya shilingi 31,000 zimetoka kwenye mifuko ya watu ambao 28 kati yao hawatapata nafasi. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yalilenga mzigo huuhuu: mwajiri haruhusiwi kudai vyeti vya namna hiyo isipokuwa kama anakusudia kumpa mtu mkataba wa maandishi. Basi cheti, kama ni lazima, kitadaiwa kwa wawili waliochaguliwa, na tangazo lisikitaje kabisa ili lisimtishe mwenye mkono mzuri asiye na elfu moja.

Zikabaki hatua za uchaguzi. Kwa kawaida hatua huwa moja: kijana anapiga simu, mwenye gereji anasikia ni mtoto wa fulani, kwisha. Tulitaka mtu asiyejulikana na yeyote Kiminini aweze kuona njia yake kuanzia barua hadi siku ya kwanza ya kazi. Barua ni ukurasa mmoja alioandika kwa mkono wake mwenyewe, na huo tayari ni mtihani wa kusoma na kuandika. Kati ya barua zote mzee na mafundi wake watachagua 12 wa kuzungumza nao, robo saa kila mmoja. Katika hao, sita wataitwa kwa siku moja ya majaribio, watatu Jumatano na watatu Alhamisi, na kila mmoja atalipwa nauli na chakula cha siku hiyo kama mtu aliyekuja kazini.

Siku ya majaribio ndiyo yenye uamuzi. Jaribio tulilolichagua ni kufungua gurudumu moja na kulirudisha. Hatumtarajii anayeanza ajue, kwa hiyo fundi ataonyesha mara moja, polepole, bila kurudia. Atavuta breki ya mkono, ataweka kabari kwenye gurudumu la upande wa pili, atalegeza nati gari likiwa bado chini, ndipo atainua kwa jeki na kuweka stendi. Nati tano zitawekwa kwenye kifuniko cha mkebe. Kurudisha, kila nati itaanzishwa kwa vidole mpaka ishike nyuzi, halafu gari litashushwa na nati kukazwa kwa kuvuka, moja juu kisha ya upande wa pili, si kwa kuzunguka duara, maana ukizunguka duara gurudumu linakaa upande. Kisha ni zamu ya kijana.

Nguvu si kitu cha kutazamwa hapo, na wala si haraka. Kuna atakayeanza kuinua gari kabla ya kulegeza nati, akagundua gurudumu linazunguka, akasimama na kulishusha tena. Huyo ana kichwa. Kuna atakayeingiza mkono chini ya gari kabla ya stendi kuwekwa, na fundi atamsimamisha palepale. Akirudia baada ya kukanywa, jaribio limekwisha kwake. Kuna atakayepigia nati ya kwanza spana bila kuianzisha kwa vidole, na nyuzi zikapishana. Utaisikia, nati inakuwa nzito mapema mno wakati bado haijaingia nusu. Na kuna atakayemaliza, akahesabu nati, akafuta spana kwa kitambaa na kuirudisha mahali pake ukutani bila kuambiwa. Kila fundi atatoa alama zake kwenye karatasi yake kabla hawajazungumza, ili sauti ya mwenye gereji isiwafunike. Mzee alisita juu ya hili kidogo, kisha akakubali.

Wawili watakaochaguliwa wataanza na wiki nne za kupimana, kwa malipo yaleyale. Mkataba wa maandishi utatiwa sahihi siku ya kwanza, si baada ya wiki nne, kwa sababu mafunzo ya mwaka mzima yanapita mbali ile miezi mitatu ambayo kuanzia hapo Sheria ya Ajira inataka maandishi. Ndani yake ndimo zinamokaa siku 10 za ruhusa, swali la nani analipa spana ikipotea, na ratiba ya kazi ya kila kipande cha mwaka. Kijana pia atakuwa na daftari ambamo kila kazi aliyoimaliza inaandikwa tarehe na kutiwa sahihi na fundi wake. Daftari hilo atalihitaji baadaye. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ina mtihani wa ufundi wa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, na umekanika wa magari ni moja ya fani zake, tofauti na umeme wa magari, kunyoosha bodi au kupiga rangi. Aliyejifunzia gereji anaweza kuufanya akapata cheti kinachosomeka Kitale, Nairobi na kwingineko. Mzee aliahidi kuwapa vijana ruhusa yenye malipo siku za mtihani. Ada ya mtihani hakuiahidi, na kwa kuwa hakuiahidi haikuandikwa.

Baada ya hayo yote, maneno yenyewe yalikuwa machache. Simu nyingi huonyesha mistari michache ya kwanza tu na kuficha iliyobaki mpaka mtu abonyeze, kwa hiyo idadi ya nafasi, muda, pesa na tarehe ya mwisho vilitangulia. Hivi ndivyo yalivyosomeka:

"NAFASI 2 za kujifunza kazi ya umekanika wa magari, Kiminini. Miezi 12, kuanzia Jumatatu 2 Februari 2026 hadi Jumamosi 30 Januari 2027. Nauli na chakula: Ksh 200 kwa siku miezi 6 ya kwanza, Ksh 300 miezi 6 ya mwisho, hulipwa kila Jumamosi. Mwisho wa kuleta maombi ni Ijumaa 23 Januari.

Utajifunza sevisi (hadi Aprili), breki (hadi Julai), kisha klachi, shoki na sehemu za chini ya gari. Ovaroli, buti na bima ya ajali kazini ni juu ya gereji.

Anayetakiwa: wa kike au wa kiume, miaka 18 na zaidi, mwenye kitambulisho, anayesoma, kuandika na kupiga hesabu ndogo. Si lazima uwe umewahi kushika spana.

Kuomba: leta barua ya ukurasa mmoja uliyoandika kwa mkono wako, hapa gerejini, kuanzia 12 Januari, saa 2 hadi saa 4 asubuhi. Watu 12 wataitwa kwa mazungumzo Jumanne 27 Januari. Kati yao 6 watakuja kwa majaribio ya siku moja, tarehe 28 au 29, na watalipwa nauli na chakula. Majina yatabandikwa mlangoni Jumamosi 31 Januari. Wiki 4 za kwanza ni za kupimana.

HAKUNA ADA YOYOTE. Anayekuomba pesa si sisi."

Mzee aliyasoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na fundi wake mmoja akaacha gari akaja kusikiliza. Fundi huyo aliuliza swali moja: wale wanne watakaofika siku ya majaribio na kukosa wataambiwaje? Hatukuwa tumelifikiria. Tukakubaliana kila mmoja apigiwe simu kabla jina la mwingine halijabandikwa mlangoni, aambiwe alifanya nini vizuri na wapi alikosea, na karatasi zao za alama zihifadhiwe, kwa sababu ikiwa mmoja wa wale wawili ataondoka ndani ya wiki nne za kupimana, wa tatu kwa alama ndiye atakayeitwa. Mzee akaandika hilo nyuma ya karatasi ya hesabu, akaikunja na kuitia kwenye mfuko wa ovaroli.

Kisha akaniomba nimpe tena ile simu. Alitaka kupiga picha nyingine. Katika ile ya kwanza, alisema, fundi alikuwa ameinama chini ya boneti bila miwani ya kukinga macho, na kama chini yake pameandikwa kwamba gereji inatoa vifaa vya kujikinga, basi vionekane.